Maiki yao inalia, kondensa yangu inagoma, halafu wananiambia mikisa ni nzima

Shikamoo kaka. Nina kastudio kadogo Sinza, chumba kimoja tu nimekiziba na magodoro na mazulia, narekodi kwaya, matangazo na vijana wa mtaani. Wiki saba zilizopita nilinunua mikisa mpya ya chaneli 12 kwenye duka moja Kariakoo, milioni moja na laki nane na nusu, risiti ninayo na kadi ya waranti ya mwaka mmoja ninayo. Sasa chaneli ya 3 imeanza visa. Nikichomeka maiki yangu ya kondensa sauti inakuja ndogo, inakwaruza, na kuna mvumo kwa mbali. Nikiihamishia chaneli ya 4 iko safi kabisa. Nimeipeleka dukani, wakachomeka maiki yao ya kuimbia, ikalia vizuri tu, wakasema mikisa nzima, maiki yako ndo mbovu au ni umeme wa huko kwako. Nikarudi nayo kwenye bajaji. Nikawaandikia Wasapi: "Mmeniuzia mikisa mbovu, mnanidhulumu, mnibadilishie na mnilipe laki sita nilizopoteza la sivyo nitawaanika." Wamesoma, wako kimya siku ya nne leo. Nimwandikieje huyu mtu anielewe? Na kuna fundi jirani anasema anaifungua kwa elfu thelathini, nimpe?

Mwenye studio, Sinza

*

Marahaba mdogo wangu. Huyo fundi usimpe, mwambie asante, na mikisa ibaki imefungwa kabisa, hata skrubu moja isiguswe mpaka hili jambo liishe. Sababu nitakupa mbele huko. Kwanza nataka tuongelee ile sentensi yako ya maiki yao kulia vizuri, maana wewe umeiandika kama vile ndo imekumaliza, kumbe ndo imenionyesha ugonjwa ulipo.

Maiki ya kuimbia waliyochomeka dukani bila shaka ni ya dainamiki. Hiyo haihitaji umeme wowote kutoka kwenye mikisa, ndani yake kuna koili na sumaku, ukiongea inatengeneza mkondo wake yenyewe. Kondensa yako haiko hivyo, inalishwa. Ukibonyeza kile kitufe kilichoandikwa +48V, mikisa inapandisha volti 48 kwenye kebo ile ile inayoleta sauti, kupitia pini namba 2 na pini namba 3 kwa pamoja, pini namba 1 ndo njia ya kurudia. Kila pini kati ya hizo mbili inapata umeme wake kupitia rezista yake, kwa kawaida za kiloomu 6.8, kwa hiyo kila chaneli ya maiki ina rezista mbili za kazi hiyo. Moja ikikatika, au sodari yake ikiachia, maiki inalishwa upande mmoja tu, inapata kama nusu ya chakula chake. Maiki nyingine zinavumilia, nyingi zinafanya hicho hicho ulichoeleza, sauti inashuka, inakwaruza mtu akipaza, na mvumo unaingia kwa sababu pande mbili za kebo hazilingani tena.

Sasa ona walichofanya dukani. Wamepima kwa maiki ambayo haigusi kabisa hiyo sehemu inayoumwa. Hapo ukikaa ukafikiri sio lazima walikuwa wanakudanganya, walichokiona kweli ni chaneli inayofanya kazi, na wewe ulichokiona nyumbani kweli ni chaneli inayogoma, wote mko sawa ila hakuna aliyepima kitu kimoja na mwenzake. Mimi mwenyewe nimewahi kupotea hapo hapo, mikisa ya kanisani Tabata, tulinunua maiki mbili mpya mfululizo tukiamini za zamani zimekufa, hela ya waumini imeenda, mpaka siku kijana mmoja anayetengeneza redio alipokuja na mita yake akatuambia upande mmoja hauna umeme. Ndo maana nimekupigia Jumamosi tukapima kwa simu badala ya kukuandikia ushauri hewani.

Naandika hapa tulichofanya ili wasomaji wengine wenye shida kama hii wafuate.

Tulianza na kebo, kwa sababu kebo iliyokatika waya mmoja ndani inaleta dalili karibu zile zile na hakuna aibu kubwa kama kumwandikia mtu barua kali halafu ikaonekana ni kebo ya elfu kumi na tano. Ulichukua kebo ile ile na maiki ile ile, geini ile ile kama tulivyokubaliana, ukaiweka chaneli ya 4 ikawa safi, ukairudisha ya 3 ikagoma, ukaiweka ya 5 ikawa safi. Hapo kebo na maiki zimetoka kwenye kesi. Kumbuka kila mara ukihamisha unashusha feda, unazima 48V, unasubiri kama nusu dakika ndo unachomoa, maana kuchomoa na kuchomeka umeme ukiwa juu unapiga mshindo ambao unaweza kuumiza spika na hata hiyo priampu yenyewe.

Halafu tukachukua maltimita, ile ya kawaida ya elfu ishirini inatosha, ukaiweka kwenye volti za DC kipimo cha 200. Kebo imechomekwa kwenye mikisa, upande wa maiki haina kitu, 48V imewashwa. Ncha nyeusi kwenye tundu la pini 1, ncha nyekundu kwanza kwenye pini 2 halafu pini 3, taratibu, ncha zisigusane. Chaneli nzima inatakiwa isome karibu sawa pande zote mbili, na kiwango kinachokubalika ni kati ya volti 44 na 52. Chaneli yako ya 4 ilisoma 47.6 kwenye pini 2 na 47.6 kwenye pini 3. Chaneli ya 3 ikasoma 47.5 kwenye pini 2, na kwenye pini 3 ikasoma 0.4. Ukanyamaza kwenye simu, ukasema kaka rudia kusema nipime tena, ukapima tena ikawa 0.4.

Hiyo namba ndo barua yako yote. Yaani ukitoa hiyo 0.4 na ile 47.6 pembeni yake, vingine vyote ni maelezo tu.

(Kama maiki ya dainamiki nayo ingekuwa inakatika katika kwenye chaneli hiyo ningekuambia kitu kingine kabisa, ningekuambia chukua jeki uichomeke na kuichomoa mara kumi kwenye lile tundu la insati, kwa sababu sauti ya chaneli inapita kwenye vibati vidogo ndani ya hilo tundu, na huku kwetu pwani na huu unyevu na chumvi vibati hivyo vinashika kutu mapema. Hilo halihitaji waranti. Lakini lako sio hilo.)

Kuna swali moja nilikuuliza kwenye simu na nakuuliza tena hapa mbele za watu, kwa sababu muuzaji akiwa na fundi anayejua kazi atakuuliza. Umewahi kuchomeka kinanda au simu au laptopu kwenye lile tundu la maiki la chaneli ya 3, kwa ile adapta ya jeki kwenda XLR, huku 48V iko juu? Adapta nyingi za hivyo zinaunganisha pini 3 na pini 1 moja kwa moja. Ikiwa hivyo volti zote 48 zinaishia kwenye ile rezista ya pini 3, na ukipiga hesabu, 48 mara 48 gawa kwa 6,800, unapata karibu wati 0.34. Rezista ya robo wati ikikaa kwenye mzigo huo masaa na masaa inapikwa. Na upande wako uliokufa ni huo huo wa pini 3, ndo maana nimeuliza. Umenijibu kwamba kinanda kinaingia chaneli za laini za mwisho huko na hiyo ya 3 tangu ifungwe ni maiki ya kondensa tu. Nimekuamini. Basi andika hivyo hivyo kwenye barua, na kama sio kweli usiandike, kwa sababu ukikamatwa na uongo mdogo hapo ile 0.4 yako nayo haitaaminika tena.

Kuhusu umeme wa kwako, jibu lake ni fupi. Kitufe cha +48V kwenye mikisa yako ni kimoja kwa chaneli zote za maiki, na chanzo cha hizo volti ni kimoja. Umeme wa ukutani ukileta balaa unaanzia kwenye pawa saplai, na pawa saplai ikiyumba zinayumba chaneli zote. Hauwezi ukaruka chaneli ya 1, ya 2, ya 4 na ya 5 ukaenda kuchagua pini 3 ya chaneli ya 3. Mwambie hivyo kwa upole kabisa.

Sasa ile meseji yako. Sikulaumu, umetoka Kariakoo na mzigo kwenye bajaji na mteja wa kwaya anakusubiri, mtu yeyote angeandika kwa hasira. Ila iangalie kwa macho ya anayeipokea. Haina tarehe ya kununua, haina namba ya risiti, haina namba ya siriali, haisemi chaneli gani wala inafanya nini, ina neno dhuluma na ina tishio. Aliyeisoma ni kijana wa kaunta, hana mamlaka ya kutoa mikisa mpya, na akiipeleka kwa bosi wake hivyo ilivyo anajitafutia matatizo, kwa hiyo amefanya rahisi kuliko zote, amenyamaza. Barua unayotaka kuandika ni ile ambayo yule kijana anaweza kuibeba mpaka kwa bosi, na bosi akaibeba mpaka kwa wakala wa kiwanda, bila mtu yeyote njiani kulazimika kuuliza swali. Wakala naye ana fundi wake, na fundi akisoma tu "pini 3 inasoma 0.4" anajua aende wapi.

Na laki sita itoe. Najua inauma na najua ni kweli umepoteza, lakini waranti za vifaa kwa kawaida zinafidia kifaa, hazifidii kazi uliyokosa, na ukiiweka kwenye barua ya kwanza unahamisha mazungumzo kutoka kwenye mashine mbovu, ambapo una ushahidi, kwenda kwenye hela, ambapo huna. Iandike kwenye daftari lako, tarehe na jina la mteja na kiasi, ikae.

Nimekuandikia hii, badilisha palipo wazi:

*

Studio, Sinza, Dar es Salaam
Simu: ............
Tarehe: ............

Kwa Meneja wa Duka,
Kariakoo, Dar es Salaam

YAH: HITILAFU YA CHANELI YA 3 KWENYE MIKISA NILIYONUNUA KWENU, NAOMBA KUBADILISHIWA CHINI YA WARANTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe ............ nilinunua dukani kwenu mikisa mpya ya chaneli 12, modeli ............, namba ya siriali ............, kwa shilingi 1,850,000, risiti ya EFD namba ............. Mlinipa waranti ya miezi 12. Wakati wa kununua niliwaeleza kwamba ni kwa ajili ya studio ya kurekodi kwa maiki za kondensa.

Kuanzia tarehe ............ chaneli ya 3 haitoi umeme kamili wa volti 48 kwa maiki. Nimepima kwa maltimita, kebo moja, bila maiki, kitufe cha +48V kikiwa kimewashwa. Chaneli ya 4: pini 2 volti 47.6, pini 3 volti 47.6. Chaneli ya 3: pini 2 volti 47.5, pini 3 volti 0.4. Kwa sababu hiyo maiki ya kondensa kwenye chaneli ya 3 inatoa sauti ndogo yenye mkwaruzo na mvumo, wakati maiki hiyo hiyo na kebo hiyo hiyo ziko sawa kwenye chaneli za 4 na 5.

Tarehe ............ niliileta dukani ikapimwa kwa maiki ya dainamiki, ikaonekana nzima. Naomba ieleweke kwamba maiki ya dainamiki haitumii umeme wa volti 48, hivyo kipimo kile hakikuweza kuonyesha hitilafu hii.

Mikisa haijafunguliwa wala kutengenezwa na mtu yeyote. Chaneli ya 3 imetumika kwa maiki pekee tangu siku ya kwanza. Chaneli nyingine zinazotumia kitufe hicho hicho cha +48V zinafanya kazi vizuri.

Naomba mnibadilishie mikisa hii kwa nyingine mpya ya modeli hiyo hiyo. Kama utaratibu wa waranti unawataka muanze na matengenezo, naomba yafanywe na fundi aliyeidhinishwa na wakala, yakamilike ndani ya siku 14 tangu kuipokea mashine, na mnipatie mikisa ya kutumia kwa kipindi hicho.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokea barua hii. Niko tayari kuileta mashine siku na saa mtakayopanga na kurudia vipimo hivi mbele ya fundi wenu. Haitachukua dakika kumi.

Nimeambatanisha: nakala ya risiti, nakala ya kadi ya waranti, picha ya namba ya siriali, na video ya vipimo.

Wako,
(saini na jina)

*

Nikueleze mistari michache ambayo usiifute hata kama unaona barua imekuwa ndefu.

Ule wa "niliwaeleza kwamba ni kwa ajili ya studio" una uzito kisheria. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanya na akategemea utaalamu wake, na hizo bidhaa ndo biashara yake, basi bidhaa inatakiwa ifae kwa kazi hiyo. Umeniambia kijana alikushauri mwenyewe hiyo modeli baada ya kumwambia unarekodi kwaya kwa kondensa, basi ni haki yako kuliandika. Na anayewajibika kwako kwa mauzo ni aliyekuuzia, sio kiwanda kilichoko ng'ambo, kwa hiyo wakikuambia "sisi tunauza tu, waandikie kiwanda" unarudi kwenye risiti, jina lililoko pale ni la nani.

Ule wa "kama utaratibu unawataka muanze na matengenezo" najua hautaupenda, wewe unataka mpya. Na mimi naona mpya ndo haki kwa mashine ya wiki saba. Lakini soma nyuma ya kadi yako ya waranti, nyingi zinaandika kwamba uamuzi wa kutengeneza au kubadilisha ni wa mtoa waranti. Ukidai mpya pekee na kadi inasema hivyo, wanakuonyesha huo mstari na mazungumzo yamekwisha, wakati ukiweka njia ya pili mwenyewe, yenye siku zake na mashine ya kuazima ndani yake, mara nyingi wao wenyewe wanapiga hesabu wanaona kukupa mpya ni nafuu kuliko kuwa na mashine mbili nje. Matengenezo ya fundi wa wakala sio matokeo mabaya pia, rezista na sodari safi inarudisha chaneli kama ilivyokuwa.

Na hapo ndo narudi kwa jirani yako. Kwa kweli kabisa, kama ni rezista, hicho kitu kinauzwa shilingi mia kadhaa na fundi mzuri anakibadilisha nusu saa. Najua ndo maana elfu thelathini inakuvutia. Lakini kwenye mikisa kubwa za zamani kila chaneli ilikuwa moduli yake unaitoa peke yake, hizi ndogo za sasa chaneli karibu zote ziko kwenye bodi moja, vipande ni vidogo kama punje ya mchele vimebandikwa juu ya bodi, mtu akija na pasi ya sodari ya redio anaweza kung'oa njia ya shaba na ukapoteza chaneli ya 2 na ya 4 pia. Halafu stika ya waranti iliyobandikwa kwenye mikisa ikichanika muuzaji amepata sababu ambayo hana sasa hivi. Siku waranti ikiisha, mwite, ila leo bado una miezi kumi na kidogo ya haki mkononi na ni yako umeilipia.

Video ipige leo kabla ya barua. Anza na namba ya siriali nyuma ya mikisa, usikate, zungusha kamera mpaka mbele ionyeshe taa ya +48V inawaka, pima chaneli ya 4, hamisha kebo, pima chaneli ya 3, halafu chomeka maiki uhesabu moja mpaka kumi kwenye ya 4 na moja mpaka kumi kwenye ya 3 geini ikiwa sehemu ile ile. Zima 48V unapohamisha, hata kwenye video, wakuone unajua kazi. Usiongee lawama yoyote humo ndani, sema namba tu. Dakika tatu zinatosha.

Risiti ya EFD ipige picha na utoe kopi leo leo, ile karatasi inafifia, nimeona watu wanaleta karatasi nyeupe baada ya miezi sita wanaapa ilikuwa risiti. Namba ya siriali kwenye boksi, kwenye mashine na kwenye kadi zilinganishe, maana wakati mwingine dukani wanachanganya maboksi na utajikuta unadai mashine ambayo kwa makaratasi sio yako. Ikiwa hazifanani waambie mapema, usisubiri wagundue wao.

Barua peleka kwa mkono, chapisha mbili, moja wanabaki nayo na moja wanagonga mhuri na kuandika jina na tarehe ya kupokea. Wakigoma kugonga mhuri usigombane nao, toka nje, itume kwa imeili iliyoko kwenye risiti au kwenye kadi, ikiwa na viambatanisho vyote, na Wasapi uwaambie kwa upole barua mmetumiwa tarehe fulani. Maandishi ya simu na imeili yanakubalika kama ushahidi kwetu tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kwa hiyo usifute chochote hata ile meseji yako ya hasira, iache, ila chini yake andika moja fupi: "Samahani kwa lugha ya mwanzo, barua rasmi nimeileta leo."

Siku ukiitwa kwenda kupima beba kondensa yako, kebo yako na maltimita yako, na mikisa iende kwenye boksi lake na yale maboya yake, sio kwenye shuka. Mwombe fundi apime yeye mwenyewe kwa mkono wake, wewe simama pembeni. Nimeona mara nyingi fundi akisoma 0.4 kwa macho yake anageuka anakuwa upande wako mbele ya bosi. Ukiiacha pale usiondoke bila karatasi yenye siriali, tarehe, hali ya mashine na maneno "chaneli ya 3, pini 3, hakuna 48V", sio "mikisa kwa ajili ya cheki".

Wakikuletea nyingine pima chaneli zote za maiki pale pale kaunta, pini 2 na pini 3, kabla hujasaini, na uulize kwa maandishi waranti ya hiyo mpya inahesabiwa kuanzia lini.

Siku 7 zikipita kimya unaandika ya pili, fupi, ukiambatanisha ya kwanza yenye mhuri, na unaongeza kwamba hatua inayofuata ni malalamiko kwa Tume ya Ushindani, FCC, ambao kulinda mlaji ni sehemu ya kazi yao kwa sheria ya 2003. Usiitaje kwenye barua ya kwanza. Ya kwanza mpe nafasi ya kufanya sawa bila kubanwa.

Kwa sasa kwaya warekodi, tumia chaneli ya 4 na ya 5, na ile ya 3 bandika utepe juu yake mtu asije akaichomeka chochote mpaka fundi wao aione kama ilivyo.